Kabla mkulima hajaandika FUTA: tulivyoandika tangazo la taarifa ndani ya boti ya kahawa, Moshi

Tangazo la kumweleza mkulima taarifa zake zinazochukuliwa, lile tulilofikia mwishoni, halizidi maneno mia moja. Mkulima anaweza kulimaliza akiwa amesimama kwenye foleni ya mzani. Kuandika maneno yale hakukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kuhakikisha kila moja lina ukweli nyuma yake kwenye seva, na hapo ndipo wiki zilipoishia. Naandika haya kwa ajili ya wenzetu wanaojenga boti, yaani programu zinazojibu meseji zenyewe, za vyama vya ushirika, saccos, zahanati na shule. Wengi wao huliacha tangazo hili hadi siku ya mwisho, kisha hunakili la mtu mwingine.

Boti yetu inafanya kazi WhatsApp, na ni ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa upande wa mlimani, juu ya mji wa Moshi. Mkulima akiandika KILO, anaonyeshwa kilo alizopeleka msimu huu na malipo yaliyokwisha kutoka. Risiti ya mzani ikiwa imefifia, anaipiga picha na kuituma ili karani ailinganishe na kitabu. Anaweza pia kumuuliza bwana shamba swali kwa maandishi au kwa sauti. Boti ndogo kama hii tayari inagusa fedha za mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa binafsi nyeti. Kwa hiyo chama, kikiwa mkusanyaji wa taarifa, na sisi tuliojenga boti, tukiwa wachakataji kwa niaba yake, sote tulikuwa na wajibu wa kumwambia mkulima tunachukua nini, kwa nini, na nani atakiona.

Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za maneno kama "tunaheshimu faragha yako" na "taarifa zako zitatunzwa kwa mujibu wa taratibu". Sentensi za namna hiyo hazina kosa la sarufi, ila haziwezi kupimwa. Ukimuuliza aliyeziandika ni faili gani hasa inayozungumziwa, hana jibu. Tukaziweka pembeni, tukaanza upande wa pili: tuchukue meseji moja tu, tuifuate tangu inapotoka kwenye simu ya mkulima mpaka mahali pa mwisho inapolala, na kila inapoacha nakala tuandike kwenye karatasi.

Meseji ya neno KILO inatoka kwenye simu, inapita kwa Meta, wenye WhatsApp, na inafika kwenye seva yetu ikiwa na namba ya simu ya mtumaji, jina alilojiwekea WhatsApp, muda, na neno lenyewe. Programu ya boti inaiandika kwenye jedwali la meseji. Wakati huohuo, logi ya programu ilikuwa inaandika mzigo wote ulivyokuja, neno kwa neno, ili mafundi waweze kutafuta hitilafu. Tayari hizo ni nakala mbili. Usiku kanzidata nzima inanakiliwa kwenye bakapu, ya tatu. Picha ya risiti na sauti zina njia yake: WhatsApp haitumi faili lenyewe, inatuma kitambulisho chake, na kwa kitambulisho hicho seva inaomba kiungo kinachodumu dakika 5 tu, inapakua faili na kuliweka kwenye folda. Kumbe faili haliko kwenye kanzidata kabisa. Ukifuta mstari wa mkulima kwenye jedwali, picha yake inabaki kwenye folda, haina mwenyewe na hakuna wa kuikumbuka.

Nakala ya mwisho ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuigundua, kwa sababu haiko kwenye seva. Kila Jumatatu karani hutoa orodha ya maswali ya wiki kwenye Excel na kuituma kwa WhatsApp kwa bwana shamba. Faili hilo linabaki kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye simu ya karani, na kwenye simu ya bwana shamba. Hakuna amri ya kompyuta inayolifikia. Kama boti yako ina ofisi nyuma yake, kaa na karani asubuhi moja umwangalie anavyofanya kazi. Usimuulize kama ananakili taarifa, maana atakujibu hapana kwa moyo mweupe. Kwake hiyo ni orodha ya kazi tu.

Karatasi ile ilipojaa, jambo la kwanza lililofuata halikuwa kuandika bali kupunguza. Jina la WhatsApp tuliacha kulihifadhi, kwa sababu "Mama Neema" au "Mtoto wa Mlimani" halimsaidii karani chochote. Mkulima anatambulika kwa namba ya uanachama. Mahali alipo, ambapo boti ilikuwa inapokea kama mtu akituma ramani, nako tukaacha. Logi tukaibadilisha iandike muda, aina ya meseji na kama kuna hitilafu, bila namba ya simu wala maneno. Orodha ya Jumatatu haitoki tena kwenye Excel. Bwana shamba anasoma maswali ndani ya ukurasa wenye nywila. Kila kilichoondolewa kwenye seva kiliondoa pia sentensi kwenye tangazo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia pekee ya kweli ya kulifupisha. Ukifupisha maneno huku seva ikiendelea kubeba vilevile, tangazo limeficha jambo.

Baada ya hapo tulijua tunachoweza kusema. Lakini neno FUTA, ambalo mkulima huliandika ili taarifa zake zifutwe, halikuwa bado linafanya tunachotaka kukiahidi.

Kanzidata yetu ni SQLite, inayotosha kabisa kwa chama cha ukubwa huu. Jedwali la watumiaji limeunganishwa na jedwali la meseji kwa utaratibu kwamba mtumiaji akifutwa, meseji zake zifutike naye. Utaratibu huo kwenye SQLite haufanyi kazi mpaka uuwashe, tena kwa kila muunganisho mpya, na kabla ya kuanza muamala. Ukiuwasha ndani ya muamala hautii wala haulalamiki. Pia SQLite kwa kawaida haisafishi nafasi iliyoachwa wazi ndani ya faili. Mstari uliofutwa hauonekani tena kwenye jedwali, lakini herufi zake zinaweza kubaki ndani ya faili mpaka nafasi ile iandikwe juu. Amri fupi inayotosha ni hii:

```sql
PRAGMA foreign_keys = ON;
PRAGMA secure_delete = ON;
BEGIN;
DELETE FROM watumiaji WHERE namba = :namba;
SELECT changes();
COMMIT;
```

Mstari wa `changes()` usiuruke. WhatsApp inaleta namba kwa muundo wa 2557 na kuendelea, bila alama ya kujumlisha mbele. Karani yeye aliwaandikisha wanachama kwa muundo wa 07, kama namba zinavyoandikwa kwenye daftari. Mkulima akiandika FUTA, boti inatafuta namba ya muundo mmoja kwenye safu yenye muundo mwingine, inakuta sifuri, inafuta sifuri, na hakuna kosa lolote linaloonekana, kwa sababu kufuta mistari sifuri ni amri halali. Kisha inamjibu kwa uhakika kwamba taarifa zake zimefutwa. Hakuna njia mbaya zaidi ya kumdanganya mtu kuliko hiyo, kwani hata aliyeijenga boti anaamini imefuta. Dawa ni mbili: badilisha namba zote ziwe muundo mmoja siku ya kuziingiza, na boti isiseme "zimefutwa" kama `changes()` imerudisha 0. Badala yake iseme kwamba haikupata kitu kwa namba hiyo na impeleke mtu kwa karani. Kumbuka vilevile kwamba hesabu hiyo ni ya jedwali la watumiaji peke yake. Mistari iliyofutika kwa kuungana nayo haihesabiwi. Ukitaka kumwambia mkulima idadi ya meseji, zihesabu kabla ya kufuta.

Folda ya picha na sauti inafutwa kwa hatua yake, na mpangilio una maana. Soma kwanza majina ya faili kwenye jedwali, futa faili, halafu ndipo ufute mistari. Ukianza na mistari, umepoteza orodha iliyokuwa inakuonyesha faili zipi ni za nani.

Tulipodhani tumemaliza, tukajaribu kwa simu yetu wenyewe. Tukaandika FUTA, boti ikajibu kwamba imefuta, tukafungua jedwali: tupu, kama inavyotakiwa. Tulipolifungua tena baadaye kidogo, namba ilikuwa imerudi. Chanzo chake ni hiki. Boti ilipotuma meseji ya kuthibitisha kwamba imefuta, WhatsApp ilianza kuleta hali ya meseji hiyo: imetumwa, imefika, imesomwa. Kila hali inakuja kama taarifa inayojitegemea, ikiwa na namba ya aliyepokea:

```json
"statuses": [{
  "id": "wamid...",
  "status": "delivered",
  "timestamp": "1723000000",
  "recipient_id": "255700000000"
}]
```

Programu ilikuwa imeandikwa kwamba ikikutana na namba isiyoijua, iifungulie mstari mpya. Kwa hiyo uthibitisho wa kufuta ndio uliokuwa unamwandikisha mtu upya. Jaribio la sekunde tano halionyeshi kasoro hii. Inabidi usubiri mpaka mpokeaji afungue meseji na alama za samawati zitokee, ndipo uangalie jedwali. Rekebisho ni kwamba hali za meseji zisiruhusiwe kamwe kufungua mstari mpya. Zibadilishe mstari uliopo, na usipokuwepo, zitupwe.

Jambo linalofanana na hilo ni neno "asante". Mkulima mwenye adabu zake, akiambiwa zimefutwa, anajibu "Asante mwanangu". Kwa boti hiyo ni meseji mpya kutoka kwa mgeni, na mgeni anastahili tangazo zima tangu mwanzo. Tuliamua kwamba kwa muda wa saa moja baada ya kufuta, boti iikumbuke namba hiyo kwenye kumbukumbu ya muda tu, isiyoandikwa kwenye diski, na maneno ya shukrani yasijibiwe wala kuhifadhiwa. Akiandika KILO au neno jingine la huduma, basi ameanza upya kwa hiari yake, na tangazo linatumwa tena.

Kisha bakapu. Hakuna anayefungua bakapu za siku 30 moja baada ya nyingine ili kuchomoa namba moja, na si lazima afanye hivyo, mradi bakapu ina siku yake ya kufa na mkulima anaambiwa siku hiyo. Hatari iko kwingine. Seva ikiharibika na ukarudisha bakapu ya juzi, wote walioandika FUTA jana wamefufuka. Unahitaji orodha ya waliofutwa ili uwafute tena. Orodha ya namba za simu ingekuwa kinyume cha ahadi yenyewe. Wengine hushauri kuzigeuza namba kwa hashi. Haisaidii hapa: namba za simu za nchi hii ni chache kwa kompyuta, inaweza kuzijaribu zote mpaka ipate inayolingana. Sisi tulimpa kila mtumiaji kitambulisho cha nasibu tangu anapoandikishwa, kisichotokana na namba yake. Akifutwa, kinachoandikwa kwenye orodha ni kitambulisho hicho na tarehe. Ndani ya bakapu kina maana, nje ya bakapu hakina maana yoyote, na bakapu ya mwisho yenye mtu huyo ikifa, nacho kinaondolewa.

Hapo ndipo tulipoanza kuandika. Rasimu tuliipeleka kituo cha kupokelea kahawa siku ya mzani, tukaomba watu waisome kwenye simu zao wenyewe, kisha tukawauliza swali moja: ukiandika FUTA, nini kinaondoka na nini kinabaki? Kuuliza "umeelewa?" ni kupoteza muda, maana kila mtu atasema ameelewa. Swali la nini kinaondoka ndilo lililotoa ukweli. Mama mmoja mtu mzima aliisoma polepole, akaishusha simu.

"Mwanangu, sasa nikiandika hilo neno, na hela yangu ya malipo ya pili inafutika?"

"Hapana mama, hela iko kwenye kitabu cha chama, boti haiwezi kuigusa."

"Mbona hamkuandika?"

Tulikuwa tumeandika, sentensi ya mwisho kabisa. Karibu wote tuliowauliza walikuwa na hofu hiyohiyo, na mtu mwenye hofu hiyo hataandika FUTA hata siku moja, hata akiwa ana sababu. Haki ipo kwenye karatasi lakini haitumiki. Sentensi ya kitabu cha chama ikahamia pale pale linapotajwa neno FUTA, bila nafasi kati yao.

Dhana nyingine iliyojitokeza, hasa kwa vijana, ni kwamba ukifuta mazungumzo kwenye simu yako umeshafuta kila kitu. Hili hatukuliweka kwenye tangazo, kwa kuwa lingekuwa refu. Tuliliweka kwenye jibu la neno ZANGU, ambalo mtu huliandika akitaka kujua boti ina nini chake. Akiwa amefuta mazungumzo na bado anaambiwa "tuna meseji 14", anaelewa mwenyewe.

ZANGU nalo lina jambo lake. Mwanzoni tulifikiri kumwonyesha mtu meseji zake zote. Lakini simu mlimani hazina mwenye mmoja. Mzee anatumia laini ya mwanawe, mama anamwazima jirani simu, mjukuu ndiye anayeandika. Kuonyesha ni hatari kuliko kufuta: anayefuta kwa simu ya kuazima anaondoa maswali ya zamani, anayeonyeshwa anasoma hela za baba wa watu. Kwa hiyo ZANGU inataja aina na idadi tu, na anayetaka nakala kamili anafika ofisini na kitambulisho. FUTA haidai namba ya uanachama wala kitambulisho. Kumdai mtu taarifa zaidi ili umfutie taarifa ni kumfungia mlango. Inauliza tu mara moja kwa kitufe kabla ya kutekeleza.

Tangazo lenyewe ni hili:

```
Hii ni boti ya chama cha ushirika, siyo mtu.
Inaweka namba yako ya simu, namba ya uanachama, na meseji,
picha na sauti unazotuma hapa, ili ikuonyeshe kilo zako
na ijibu maswali.
Kufuta vyote hivyo, andika FUTA. Kilo na malipo yako
haviguswi; vipo kwenye kitabu cha chama.
Wanaoviona ni karani, bwana shamba na fundi wa boti.
Vinapita pia kwa Meta, wenye WhatsApp, na kwenye seva
iliyo nje ya nchi.
Usipofuta: picha na sauti tunafuta baada ya siku 30,
meseji baada ya siku 90. Namba iliyokaa kimya miezi 12
tunaiondoa.
Kujua tulicho nacho, andika ZANGU. Lalamiko: ofisi ya chama.
```

FUTA iko kwenye sentensi ya tatu kwa sababu WhatsApp huikunja meseji ndefu, na kwenye kioo kidogo cha simu ya bei nafuu watu wengi hawabonyezi kuendelea kusoma. Meseji yenye vitufe inaruhusu herufi 1024 kwenye maandishi, vitufe visivyozidi 3, na kila kitufe herufi 20. "Futa taarifa zangu" inaingia, lakini "Nataka kufuta taarifa zangu" haiingii. Sisi chini ya tangazo tumeweka kitufe cha "Endelea" na cha "Ona taarifa zangu". Kufuta hatukukiweka kitufe pale, kwa sababu kidole kikubwa kwenye kioo kilichopasuka hugusa visivyokusudiwa. Neno linaandikwa. Boti inalipokea kwa herufi kubwa au ndogo, likiwa na nukta au nafasi mwishoni, na pia likiwa ndani ya sentensi kama "naomba kufuta" au "niondoeni". Sentensi za namna hiyo zinaletewa swali la uthibitisho, kwani kuna anayeandika "nimefuta namba ya karani, naiomba tena".

Sentensi ya Meta iligombaniwa. Kuna aliyesema inatisha bure, tuandike kwamba mazungumzo yamefungwa na hakuna anayeyaona. Hiyo si kweli kwa boti inayotumia Cloud API, njia ya Meta ya kuunganisha boti na WhatsApp. Meseji inafunguliwa kwenye mitambo ya Meta kabla ya kuletwa kwetu, na inaweza kukaa huko hadi siku 30. FUTA yetu haifiki huko. Anayeahidi kwamba hakuna mwingine anayeona anaahidi kwa niaba ya kampuni asiyoitawala.

Miezi 12 ya ukimya ilitokana na laini za simu. Laini ikikaa muda bila kutumika, namba hurudi sokoni na kupewa mtu mwingine, na huyo mpya akiandika KILO asije akaonyeshwa kilo za mwenye namba wa zamani. Tungependa muda mfupi zaidi, lakini mkulima huandika msimu wa mavuno na kunyamaza mpaka msimu mwingine. Miezi 6 ingewafuta watu kabla ya mzani kufunguliwa. Pengo linalobaki tumeliziba hivi: msimu ukianza, boti inamwomba kila mtu namba ya uanachama mara moja kabla ya kumwonyesha kilo.

Akiandika FUTA, jibu la kwanza ni hili, likiwa na vitufe "Ndiyo, futa" na "Hapana":

```
Tutafuta meseji 14, picha 2 na namba yako kwenye boti.
Kilo na malipo havifutwi. Nakala ya akiba inaisha yenyewe
ndani ya siku 30. Tuendelee?
```

Idadi si pambo. Mtu akiona 14 na 2 anajua boti imemtambua yeye, na sisi tunajua hesabu imefanyika kabla ya kuahidi. Kufuta kufanyike palepale, bila kusubiri mtu wa ofisini aidhinishe. Ukisubiri, unagonga kikomo cha saa 24 cha WhatsApp: saa 24 zikipita tangu meseji ya mwisho ya mkulima, huruhusiwi kumwandikia maneno ya kawaida, isipokuwa kiolezo kilichoidhinishwa mapema, na violezo vina gharama. Mkulima aliyeomba kufutwa Ijumaa jioni angebaki mpaka wiki nyingine bila jibu.

Tangazo la ndani linachelewa kidogo kwa asili yake, kwani mkulima ndiye anayeanza kuandika, na namba yake imeshafika kabla hujamwambia lolote. Sheria inataka aambiwe kabla ya kukusanya. Tulichofanya ni kuishika meseji ya kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kutuma tangazo, na kuandika kwenye kanzidata pale tu anapobonyeza "Endelea" au anapotuma meseji ya pili. Asipofanya hivyo, inapotea. Sentensi ya nini kinawekwa na ya FUTA zimebandikwa pia ukutani karibu na mzani, juu ya namba ya boti, ili anayeinakili namba azione kwanza. Kwa wasiosoma, karani amelisoma tangazo hilohilo kwa sauti, bila kuongeza neno, na boti inaituma sauti hiyo mtu akiandika au kusema SIKIA.

Bado kuna kazi moja isiyoisha. Kila kitu kipya kinachoongezwa kwenye boti kinaigusa sentensi mojawapo ya tangazo. Bwana shamba alipoomba boti ianze kupokea picha za majani yenye kutu ili azikusanye kwa mafunzo, ombi lilikuwa zuri, lakini kwa mafunzo ni matumizi mengine, na siku 30 zisingemtosha. Jibu lilikuwa kumtengenezea folda nyingine ambayo picha haiingii mpaka mkulima akubali kwa kitufe chake, na FUTA inaifikia nayo. Kwenye jedwali la watumiaji kuna safu inayoonyesha toleo la tangazo ambalo mtu amelikubali. Toleo likibadilika, hatumtumii kila mtu kiolezo cha kulipia. Boti inasubiri atakapoandika tena, inamwonyesha sentensi iliyobadilika tu, na mpaka abonyeze "Endelea" inamhudumia kwa masharti ya toleo alilolikubali mwanzo.